Kosa Moja, Kigezo Kimoja: Kisa cha Kuunda Mwongozo wa Alama kwa Majaji wa Mahakama ya Kuigiza

Usuli

Kisa hiki kinahusu mashindano ya mahakama ya kuigiza ya timu 16, kila timu ikiwa na wazungumzaji wawili. Kila mzungumzaji alipewa dakika 15 mbele ya jopo la majaji watatu. Majopo yalichanganya mawakili, wahadhiri wa sheria na washiriki wa miaka iliyotangulia. Majina, mahali na mwaka vimeondolewa.

Shauri lililotungwa lilikuwa la uzembe. Mkopeshaji alimwajiri mthamini akague nyumba kabla ya kutoa mkopo. Mthamini hakuziona nyufa za msingi, akaandika kwamba nyumba ni salama. Mnunuzi akaisoma ripoti hiyo, akanunua, na baadaye nyumba ikatitia. Hakuwa na mkataba wowote na mthamini. Swali la rufaa lilikuwa moja: je, mthamini alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mnunuzi?

Karatasi ya alama waliyopewa majaji ilikuwa na mistari mitatu tu: ujuzi wa sheria alama 40, mpangilio wa hoja alama 30, kujibu maswali alama 30. Chini yake palikuwa na nafasi ya maoni. Hakukuwa na sentensi hata moja ya kueleza alama 25 inatofautianaje na alama 20. Waandaaji waliamini kwamba jaji mwenye uzoefu angejua mwenyewe.

Yaliyotokea

Malalamiko yalianza baada ya raundi ya pili, na yalimhusu mzungumzaji wa kwanza wa upande wa mrufani katika chumba kimoja. Jaji wa kwanza alimpa 81, wa pili 64, wa tatu 77. Tofauti ya alama 17 kwa dakika 15 zilezile ni kubwa mno, na wastani wake ulitosha kubadilisha nafasi ya timu katika orodha ya waliofuzu. Bahati njema, raundi hiyo ilikuwa imerekodiwa.

Waandaaji walipozichambua karatasi tatu hizo waligundua jambo lililowashtua kuliko tofauti ya jumla. Jaji wa kwanza alitoa 33, 24 na 24. Wa pili alitoa 26, 19 na 19. Wa tatu, 31, 23 na 23. Ukizigeuza alama hizo kuwa asilimia, utaona kwamba ndani ya kila karatasi vigezo vitatu vimesimama karibu mahali pamoja: asilimia 83, 80, 80; kisha 65, 63, 63; kisha 78, 77, 77. Yaani kila jaji alifanya uamuzi mmoja tu kuhusu mzungumzaji, akaugawa mara tatu. Karatasi ilikuwa na vigezo vitatu kwa sura, lakini ilipima kitu kimoja.

Hali hii si ngeni kwa wanaopima watu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima askari wao kwa sifa mbalimbali walitoa alama zilizofuatana mno, kana kwamba sifa moja nzuri imezimulika nyingine zote. Jaji wa mahakama ya kuigiza hana kinga dhidi ya hilo, na akiwa na karatasi tupu hata hajui kwamba limempata.

Maoni yaliyoandikwa yalionyesha chanzo. Jaji wa kwanza aliandika: “Mtulivu, hababaiki.” Jaji wa pili aliandika: “Hakuielewa Caparo,” akimaanisha uamuzi wa kesi ya Uingereza yenye jina hilo. Wote wawili walikuwa wanazungumzia tukio lilelile la dakika ya nne.

Dakika ya nne

Jaji mmoja alimkatiza mzungumzaji na kumuuliza: “Wakili, je, uamuzi wa Caparo haukuangushi?” Mzungumzaji akajibu bila kusita: “Hapana, Mheshimiwa. Caparo ilihusu wakaguzi wa hesabu. Mjibu rufaa wetu ni mthamini wa nyumba, kwa hiyo uamuzi ule haumgusi.” Kisha akasema, “Naendelea na hoja yangu ya kwanza,” na kweli akaendelea pale alipoachia.

Kama namna ya kujibu, hilo ni jibu zuri. Limeanza na msimamo, limetoa sababu, limechukua sekunde chache, na mzungumzaji hakupoteza uzi. Kama sheria, limekosea. Katika Caparo Industries dhidi ya Dickman (1990), Bunge la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, halikusema kwamba kanuni inategemea taaluma ya aliyetoa taarifa. Wakaguzi hawakuwajibika kwa mwekezaji kwa sababu ripoti yao iliandaliwa kwa madhumuni mengine, yaani kuwawezesha wanahisa kwa pamoja kuisimamia kampuni, si kumshauri mtu anayetaka kununua hisa. Njia sahihi ya kuikwepa Caparo ilikuwa kuonyesha kwamba hapa mthamini alijua ripoti itamfikia mnunuzi huyu mmoja, kwa ajili ya ununuzi huu mmoja. Na kuna uamuzi unaosaidia moja kwa moja: Smith dhidi ya Eric S Bush (1989), ambapo mthamini aliyeajiriwa na mkopeshaji alikutwa na wajibu kwa mnunuzi wa nyumba ya kawaida.

Kwa hiyo jaji wa kwanza alikuwa sahihi, na wa pili alikuwa sahihi pia. Kosa lilikuwa kwamba jaji wa kwanza aliuacha utulivu uinue alama ya sheria, na jaji wa pili aliiacha sheria mbovu ishushe alama ya mpangilio na ya kujibu maswali. Mzungumzaji aliadhibiwa mara tatu kwa kosa moja katika karatasi moja, na katika nyingine hakuadhibiwa kabisa.

Maamuzi na sababu zake

Waandaaji walifikiria kwanza kuongeza vigezo, kama inavyofanywa mara nyingi. Rasimu ya awali ilikuwa na mistari 12. Iliachwa baada ya jaribio moja tu: majaji waliinamia karatasi badala ya kumsikiliza mzungumzaji, na mistari iliyojazwa mwishoni ilinakili ile ya mwanzo. Vigezo vikabaki vitatu. Kilichobadilika ni mipaka kati yao, na kanuni ikaandikwa juu kabisa ya karatasi: kila kosa na kila sifa huhesabiwa mara moja, katika kigezo kimoja.

Mpaka mgumu kuliko yote ulikuwa kati ya sheria na maswali, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wa sheria huonekana wakati wa kujibu. Iliamuliwa hivi. Usahihi wa sheria unapimwa katika kigezo cha sheria popote ulipotokea, hata kama ni katikati ya jibu. Kigezo cha maswali hakiulizi kama jibu ni sahihi. Kinauliza kama swali lililoulizwa ndilo lililojibiwa, kama msimamo ulitoka mapema, na kama mzungumzaji alitambua swali linampeleka wapi. Baadhi ya majaji waliona ni ajabu kumpa mtu alama nzuri kwa jibu lisilo sahihi. Waliridhika walipoonyeshwa kwamba mtu huyo analipa bei yake kamili katika kigezo chenye uzito mkubwa zaidi.

Ujuzi wa kumbukumbu za shauri, yaani mambo ya hakika yaliyoelezwa katika aya zake, uliwekwa pia katika kigezo cha sheria. Mzungumzaji yuleyule aliulizwa dakika ya kumi: “Nani alilipa ada ya uthamini?” Akajibu mara moja kwamba ni mnunuzi, kupitia kwa mkopeshaji, akataja na aya. Lakini hakuitumia hoja hiyo, ilhali katika Smith dhidi ya Bush ukweli kwamba mnunuzi ndiye aliyelipa ulikuwa na uzito. Kukumbuka aya ni nusu ya kazi. Kuiunganisha na kanuni ndiyo nusu inayotenganisha alama ya kati na ya juu.

Mabadiliko ya pili yalihusu kipimo. Hakuna jaji anayeweza kueleza tofauti ya 31 na 32 kati ya 40. Kwa hiyo kila kigezo kilipimwa kwa 1 hadi 10, katika madaraja matano, kisha karani wa mashindano akazidisha: sheria mara 4, mpangilio mara 3, maswali mara 3. Jaji haoni jumla wakati anaandika. Sababu yake ni ya kivitendo: jaji akiiona jumla huanza kurudi nyuma na kurekebisha vigezo ili vifike kwenye namba aliyokuwa nayo kichwani.

Kazi kubwa ilikuwa kuandika maelezo ya madaraja. Rasimu ya kwanza ilitumia maneno kama “bora sana”, “nzuri” na “ya wastani”, ambayo ni alama zilezile zilizovishwa maneno. Sharti lililofuata lilikuwa kwamba kila daraja lieleze kitu ambacho jaji anaweza kukisikia. Kwa kigezo cha maswali maelezo yalikuwa hivi:

9–10: Sentensi ya kwanza ya jibu ina msimamo (ndiyo, hapana, au sharti linaloamua). Sababu inafuata. Mzungumzaji anaonyesha jibu hilo linagusa wapi kesi yake, na anakubali bila kung’ang’ana lile lisilomdhuru.

7–8: Jibu ni la moja kwa moja na lina sababu, lakini mzungumzaji haoni swali linakoelekea mpaka aulizwe la pili.

5–6: Msimamo unapatikana baada ya kuzunguka, au jaji analazimika kulirudia swali.

3–4: Linajibiwa swali jingine, au mzungumzaji anasema “nitafika huko” na hafiki.

1–2: Hakuna jibu, au mzungumzaji anamkatiza jaji, au anakubali jambo linaloimaliza kesi yake bila kujua.

Kigezo cha sheria kilihitaji msaada wa ziada. Si kila jaji anafanya kazi katika eneo la sheria linaloshindaniwa, na jaji asiyeikumbuka Caparo vizuri hana namna ya kutambua kwamba jibu la dakika ya nne limekosea. Kwa hiyo kila jaji alipewa muhtasari wa jopo wa kurasa tatu. Kwa kila uamuzi muhimu ulieleza mambo mawili: uliamua nini, na haukuamua nini. La pili ndilo lililoleta faida. Mfano mmoja ni Hedley Byrne dhidi ya Heller (1963). Wengi huinukuu kama kesi ambayo benki iliwajibika kwa taarifa ya kizembe. Benki haikuwajibika, kwa sababu ilikuwa imetoa tamko la kukana wajibu. Kanuni maarufu ilisemwa na mahakama, lakini mdai alishindwa. Mzungumzaji anayesema “benki ilishindwa katika Hedley Byrne” amejifichua kwamba hakuisoma, na muhtasari ulimwezesha hata jaji wa sheria ya ardhi au ya jinai kulitambua hilo papo hapo.

Muhtasari uleule ulibeba maswali manne ya pamoja. Katika mashindano ya kwanza kulikuwa na jopo lililouliza maswali 11 kwa mzungumzaji mmoja na jingine lililouliza mawili. Huwezi kupima namna ya kujibu kwa mtu ambaye hakuulizwa. Kila jopo likatakiwa kuuliza angalau maswali manne, na mawili yatoke katika orodha: moja la kumtaka mzungumzaji atofautishe uamuzi unaompinga, na moja la kubadilisha mambo ya hakika, kwa mfano, “Kama nyumba ingekuwa jengo la biashara la mamilioni, jibu lako lingebaki hilohilo?”

Mwisho, majaji walijaza karatasi kila mmoja peke yake, ndani ya dakika tatu baada ya kila mzungumzaji kumaliza. Mazungumzo ya jopo yaliruhusiwa karatasi zikishakusanywa. Kabla ya siku ya kwanza walikaa dakika 40, wakatazama rekodi fupi, wakaandika alama kimya, kisha wakazisoma kwa sauti. Palipokuwa na tofauti ya zaidi ya alama 2 katika kigezo chochote, kila jaji alitakiwa kutaja maneno ya mzungumzaji yaliyomfanya aandike namba hiyo, bila kueleza hisia zake.

Matokeo

Majaji watatu wengine, ambao hawakuwa wameona alama za awali, walipewa rekodi ya mzungumzaji wa dakika ya nne pamoja na mwongozo mpya. Kwa sheria waliandika 5, 6 na 5. Kwa mpangilio 8, 8 na 7. Kwa maswali 8, 7 na 8. Hesabu ya jaji wa kwanza ilikuwa hivi:

(5 × 4) + (8 × 3) + (8 × 3) = 68

Wengine wawili walifikia 69 na 65. Tofauti ya alama 17 ilishuka hadi 4. Rekodi moja haithibitishi mengi, na kutazama video si sawa na kukaa mezani. La maana zaidi ni kwamba vigezo vilitengana: mzungumzaji alionekana kuwa mtu mwenye mpangilio mzuri na majibu ya haraka, ambaye hakuwa amezisoma kesi zake kwa kina. Hilo ni jambo ambalo mwalimu wake angeweza kulifanyia kazi. Alama 74, iliyokuwa wastani wake wa zamani, haikumwambia chochote.

Katika mashindano yaliyofuata, karatasi zenye vigezo vilivyosimama mahali pamoja hazikuisha, lakini zilipungua vya kutosha kwa macho kuona.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kanuni ya kosa moja, kigezo kimoja ilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote, na sababu yake iko wazi. Iliwalazimu majaji kujiuliza “hili linakwenda wapi?” kabla ya “hili ni baya kiasi gani?”. Swali la kwanza lina jibu linaloweza kukaguliwa. Jaji mmoja alipotaka kushusha mpangilio kwa sababu ya uamuzi ulionukuliwa vibaya, mwenzake aliweza kumwonyesha sentensi iliyomkataza.

Zoezi la dakika 40 nalo lilisaidia, ingawa si kwa kulainisha wakali. Jaji mkali alibaki mkali. Lilichofanya ni kufichua tafsiri mbili za maneno yaleyale. Kwa mfano, nusu ya majaji walidhani “kukubali” hoja ya jaji ni udhaifu, na wengine waliona ni ukomavu. Ndiyo maana daraja la juu likaongezewa maneno “lile lisilomdhuru”.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kigezo cha mpangilio kilishindwa vibaya. Daraja lake la juu lilisema mzungumzaji “anatangaza hoja zake na kuzimaliza zote ndani ya muda”. Mbele ya jopo lenye maswali mengi sharti hilo halitekelezeki. Mzungumzaji mmoja aliulizwa maswali tisa kwenye hoja ya kwanza. Zikiwa zimebaki dakika tatu akasema: “Waheshimiwa majaji, kwa muda uliobaki naiacha hoja ya pili kama ilivyo katika maandishi, naenda kwenye ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayogusa nafuu tunayoomba.” Huo ni uamuzi wa wakili hasa, na maelezo ya daraja yaliwataka majaji wampe 5. Wawili walimpa 5. Mmoja alikaidi mwongozo na kumpa 9, na ndiye aliyekuwa sahihi.

Daraja hilo liliandikwa upya. Mpangilio sasa unapimwa kwa mambo matatu: kama msikilizaji alijua ndani ya dakika ya kwanza hoja ni zipi, kama kila wakati alijua yuko kwenye ipi, na kama muda uliobaki ulitumiwa kwa hoja yenye uzito. Idadi ya hoja zilizomalizika imeondolewa.

Adabu za mahakama ziliachwa nje ya vigezo kwa makusudi, na zikarudi kupitia mlango wa nyuma. Mzungumzaji aliyesema “ninyi” badala ya “Waheshimiwa” alishushwa katika kigezo cha maswali, ambacho hakikuwa na neno lolote kuhusu hilo. Kuwakataza majaji wasijali kulionekana hakufai. Pakawekwa kisanduku kidogo cha kupunguza alama, zisizozidi 3 kutoka katika jumla, na jaji analazimika kuandika tendo lenyewe. Kisanduku kisicho na maandishi hakihesabiwi.

Ukali unaotofautiana kati ya chumba na chumba mwongozo haukuuponya, na mwongozo wowote wa alama hautauponya. Suluhisho lilipatikana nje ya karatasi. Mshindi wa kila pambano huamuliwa sasa kwa kura: karani anahesabu, kwa kila jaji, ni timu gani imepata jumla kubwa kwake, na timu yenye majaji wawili kati ya watatu inashinda. Jaji mkali huwa mkali kwa pande zote mbili za chumba chake, kwa hiyo kura yake haiharibiki. Alama ghafi hutumika tu kutenganisha timu zenye ushindi sawa.

Tuzo ya mzungumzaji bora ndiyo iliyobaki na tatizo, kwa kuwa inalazimu kulinganisha watu waliopimwa na majopo tofauti. Kwa sasa inatolewa tu kwa waliozungumza mbele ya majopo matatu yasiyo na jaji hata mmoja wa pamoja, kwa alama ya katikati ya karatasi zao tisa badala ya wastani, ili karatasi moja iliyopotoka isiibebe wala kuiangusha hesabu nzima.